Ng'ombe mmoja au mbuzi kumi: ulinganisho unaoanzia ndani ya rumeni

Ng'ombe mmoja mwenye kilo 400 na mbuzi kumi wenye kilo 40 kila mmoja wana uzito sawa kwenye mizani. Wote ni wanyama wanaocheua, wote hula majani yasiyoweza kumlisha binadamu, na ukichota maji ya rumeni, yaani tumbo la kwanza, la ng'ombe na la mbuzi kisha ukayatazama kwa hadubini, utaona jamii zilezile kuu za vijidudu. Kutokana na mfanano huo, watu wengi hudhani kwamba kuchagua kati ya wanyama hawa wawili ni suala la soko au la mazoea tu, na kwamba malisho yanayomtosha mmoja yatawatosha kumi. Dhana hiyo si sahihi. Katika ulinganisho huu nitaeleza kwa nini malisho uliyonayo, hasa kasi ambayo nyuzinyuzi zake huchachuka, ndiyo yanayopaswa kuamua ni mnyama gani atanufaika nayo.

Kazi inayofanana katika matumbo yote mawili

Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi. Wanga nao ni mnyororo wa glukosi, lakini katika selulosi viungo vya mnyororo vimepinda kwa namna ambayo hakuna kimeng'enya cha tumbo la ng'ombe wala la mbuzi kinachoweza kuvikata. Minyororo hiyo hulala sambamba, ikajifunga pamoja kuwa nyuzi ngumu, na kadiri mmea unavyokomaa, nyuzi hizo huzungukwa na lignini, ambayo hufanya kazi kama saruji. Mnyama mwenyewe, kwa hiyo, hana uwezo wa kumeng'enya bua. Anachoweza kufanya ni kuwapa vijidudu makao yenye joto la takriban nyuzi 39, yenye unyevu, yasiyo na hewa ya oksijeni, na kuwaletea chakula kilichotafunwa.

Kazi ya kuvunja selulosi hufanywa zaidi na bakteria wachache wenye ujuzi huo, na wanaojulikana zaidi ni Fibrobacter succinogenes, Ruminococcus albus na Ruminococcus flavefaciens. Katika mililita moja ya maji ya rumeni mna bakteria wa kila aina wapatao bilioni kumi au zaidi, lakini hawa wavunjaji wa selulosi hawaelei ovyo majini. Wao hujibandika juu ya kipande cha jani, hasa pale kilipochanika kwa meno, kwa sababu vimeng'enya vyao hufanya kazi vikiwa karibu kabisa na nyuzi. Ndiyo maana kucheua ni sehemu ya umeng'enyaji wenyewe: kila tonge linaporudi mdomoni na kutafunwa upya, nyufa mpya hufunguka na bakteria hupata mahali pa kushika.

Pamoja nao wapo kuvu wasiohitaji oksijeni. Kwa muda mrefu mbegu zao zinazoogelea zilidhaniwa kuwa protozoa, hadi mwaka 1975 Colin Orpin alipoonyesha kwamba ni hatua ya maisha ya kuvu. Nawataja kwa sababu ni wasaidizi wakuu wa mnyama anayelishwa mabua: vijizizi vyao hupenya tishu ngumu na kuzipasua kwa nguvu, jambo ambalo bakteria hawawezi. Kuvu hawa, hata hivyo, hukua polepole. Wanahitaji chakula kikae tumboni muda mrefu, na hoja hiyo ya muda ndiyo itakayotenganisha ng'ombe na mbuzi hapo mbele.

Glukosi inayotoka kwenye selulosi haimfikii mnyama. Vijidudu huila papo hapo, na kwa kuwa hakuna oksijeni, hawawezi kuiunguza yote. Wanachukua nishati kidogo na kutupa mabaki, ambayo ni asidi nyepesi za mafuta: asetiki, propioniki na butiriki. Njia mbili muhimu zinaweza kuandikwa hivi:

```
C6H12O6 + 2 H2O → 2 CH3COOH + 2 CO2 + 4 H2
C6H12O6 + 2 H2 → 2 CH3CH2COOH + 2 H2O
```

Njia ya kwanza hutoa asidi asetiki na kuacha hidrojeni. Ya pili hutoa asidi propioniki na kuitumia hidrojeni hiyo. Hidrojeni inayobaki huchukuliwa na arkea, vijidudu wa kundi tofauti na bakteria, ambao huiunganisha na kaboni dioksidi kutengeneza methani, na mnyama huitoa kwa kubeua. Kwa malisho ya nyasi, katika kila sehemu mia za asidi hizi, kama 65 hadi 70 huwa asetiki, kama 20 propioniki, na takriban 10 butiriki. Ukijaza nafaka, propioniki hupanda na asetiki hushuka.

Mabaki ya kijidudu ndiyo chakula cha mnyama. Asidi hizi hupenya ukuta wa rumeni kupitia vinyweleo vyake vinene na kuingia katika damu, na huchangia takriban asilimia 70 ya nishati yote anayoitumia mnyama. Asetiki hutumika kama kuni za misuli na kama malighafi ya mafuta ya maziwa. Butiriki nyingi hubadilishwa katika ukuta wenyewe wa rumeni kabla ya kufika mbali. Propioniki huenda kwenye ini na kutengenezwa glukosi, na huko ndiko mnyama anayecheua anakopata sehemu kubwa ya sukari ya damu yake na ya sukari ya maziwa. Vijidudu wenyewe nao, wanaposombwa kuelekea tumbo la nne na utumbo mwembamba, humeng'enywa kama nyama ndogo na kumpa mnyama protini.

Hadi hapo ng'ombe na mbuzi hawatofautiani kwa jambo lolote la kumfanya mtu achague huyu amwache yule.

Mahali wanapoachana: ukubwa wa tumbo na ukubwa wa hitaji

Ujazo wa tumbo hukua sambamba na uzito wa mwili. Ng'ombe mwenye uzito mara kumi ya mbuzi ana rumeni iliyo kubwa takriban mara kumi. Lakini hitaji la nishati halikui hivyo. Hitaji hufuata uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75, kanuni ambayo msingi wake uliwekwa na Max Kleiber katika miaka ya 1930. Kwa maneno mepesi, kila kilo ya mnyama mdogo huunguza nishati zaidi kuliko kila kilo ya mnyama mkubwa. Ukifanya hesabu ya kilo 400 utapata 89, na ya kilo 40 utapata karibu 16. Mbuzi kumi basi wanafikia 159. Wana uzito uleule wa ng'ombe mmoja, wana jumla ileile ya ujazo wa rumeni, lakini wanahitaji nishati mara 1.78.

Tuliweke jambo hili katika mfano wa siku moja. Namba nitakazotumia nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi kufuatwa, lakini ziko karibu na hali halisi. Tuseme kila kipimo cha hitaji kinataka megajuli 0.5 kwa siku, bila maziwa, bila mimba na bila kuongezeka uzito. Ng'ombe atahitaji megajuli 45, na mbuzi kumi watahitaji 80. Tuseme pia kwamba katika rumeni ya ng'ombe mna kilo 3 za nyuzinyuzi zinazoweza kumeng'enyeka, na katika rumeni kumi za mbuzi, zikijumlishwa, mna kilo 3 vilevile.

Mpe kila upande mabua makavu ambayo asilimia 4 ya nyuzinyuzi zake zilizomo tumboni huchachuka kila saa. Katika kila saa vijidudu watavunja gramu 120, na kwa siku nzima kilo 2.9 hivi. Kilo moja ya nyuzinyuzi zilizochachuka humpa mnyama kama megajuli 14 baada ya kutoa methani na hasara nyingine, kwa hiyo jumla ni megajuli 40. Ng'ombe aliyehitaji 45 amebakiza pengo dogo, ambalo sukari na protini zilizomo ndani ya seli za mmea zinaweza kulijaza. Mbuzi waliohitaji 80 wamepata nusu tu. Rumeni zao zimejaa, vijidudu wao wamefanya kazi ileile kwa bidii ileile, nao wanakonda.

Sasa badilisha chakula. Wape majani machanga ya vichaka ambayo nyuzinyuzi zake huchachuka kwa asilimia 8 kila saa. Kazi ya siku inakuwa kilo 5.8, na nishati inafika megajuli 80. Mbuzi wamefikia hitaji lao kwa nyuzinyuzi peke yake, kabla hata ya kuhesabu sukari na protini ambazo majani hayo yanazo kwa wingi kuliko bua. Ng'ombe kwa chakula hichohicho angepata zaidi ya anachohitaji, na ziada ingekwenda kwenye maziwa au nyama.

Hesabu hii inaonyesha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha uchaguzi wote: mbuzi anahitaji chakula kinachochachuka kwa kasi inayokaribia mara mbili ya kile kinachomtosha ng'ombe. Hilo halisemi kwamba mbuzi ni mnyama dhaifu. Linasema kwamba tumbo lake halina nafasi ya kungoja.

Kungoja na kupitisha

Kuna namna nyingine ya kuliona jambo hili, nayo ni muda ambao chakula hukaa. Rumeni ya ng'ombe inaweza kushikilia vipande vya bua kwa wastani wa saa 50, ilhali ya mbuzi huviachia mapema zaidi, tuseme saa 30. Kukaa saa 50 ni sawa na kusema asilimia 2 ya vilivyomo hutoka kila saa, na kukaa saa 30 ni sawa na asilimia 3.3. Kila kipande kiko kati ya nguvu mbili: vijidudu wanaotaka kukimaliza na mkondo unaotaka kukitoa. Ikiwa vijidudu wanachukua 4 na mkondo unachukua 2, basi sehemu 4 kati ya 6, yaani asilimia 67, zitamaliziwa tumboni mwa ng'ombe. Kwa mbuzi ni 4 kati ya 7.3, yaani asilimia 55. Kinachobaki kinapita kuelekea utumbo mpana, ambako vijidudu wengine huchachua kidogo, lakini sehemu kubwa ya faida imekwisha kupotea.

Kwa majani laini yanayochachuka kwa asilimia 8, ng'ombe anamaliza asilimia 80 na mbuzi asilimia 71. Mbuzi bado yuko nyuma, lakini pengo limepungua, na kwa kuwa tumbo lake linajisafisha haraka, anaweza kula tena mapema. Mbuzi mwenye chakula kizuri hula kwa siku chakula kikavu kinachofika asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake, wakati ng'ombe wengi huwa kati ya asilimia 2 na 3.

Tofauti hizi si za kila uzao kwa kipimo kimoja. Mbuzi weusi wa Wabedui, waliozoea jangwa, huchachua malisho magumu vizuri kuliko mbuzi wa Saaneni waliotoka Uswisi, na kwa hiyo asiyezingatia uzao anaweza kujidanganya. Lakini hata mbuzi wa jangwani hakwepi kanuni ya uzito na hitaji. Amepunguza tu ukali wake kwa kupunguza matumizi ya mwili na kwa kuitumia upya naitrojeni inayorudi rumeni kupitia mate na damu.

Mbuzi hujitetea kwa midomo

Mwanaanatomia R. R. Hofmann, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1989, aliwapanga wanyama wanaocheua katika makundi matatu: wala nyasi, wachaguzi wa majani yenye virutubishi vingi, na walio katikati. Ng'ombe aliwekwa katika kundi la wala nyasi, mbuzi katika kundi la katikati. Mpangilio huo umejadiliwa sana tangu wakati huo, hasa kuhusu ni kiasi gani cha tofauti hizo kinatokana na ukubwa wa mwili tu, lakini kwa mfugaji anayetazama midomo ya wanyama wake, jambo la msingi liko wazi. Ng'ombe huzungusha ulimi na kung'oa fumba zima la nyasi, majani na vikonyo pamoja. Mbuzi ana midomo myembamba inayoweza kuchuma jani moja kati ya miiba, na husimama kwa miguu ya nyuma kulifikia tawi.

Uchaguzi huo ndio unaomwezesha kuongeza kasi ya uchachushaji kutoka 4 kwenda 8. Anaponyimwa nafasi ya kuchagua, faida yake yote inaondoka. Hapa ndipo penye kosa ambalo limekuwa likinisikitisha kila ninapoliona: mtu hukata mabua vipande vidogo sana, akachanganya majani na vikonyo ili mbuzi asibakize, kisha anafurahi kuona hori tupu. Hori tupu mbele ya mbuzi anayelishwa mabua ni dalili mbaya. Amelazimishwa kujaza rumeni kwa sehemu ambazo vijidudu wake hawatazimaliza kwa muda uliopo.

Njia iliyo bora ni kumpa zaidi ya anachoweza kula, ili abakize vikonyo. Kwa mabua ya nafaka, kubakiza theluthi moja au hata nusu ya kilichowekwa si upotevu endapo kuna ng'ombe wa kupokea masalio. Ng'ombe naye hafaidiki na kusagiwa chakula kuwa unga. Vipande vilivyosagwa sana hupita rumeni upesi kabla ya kumaliziwa, na havimlazimishi kucheua. Kucheua kukipungua, mate hupungua. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, yenye baikaboneti inayozima ukali wa asidi, na bila mate hayo wavunjaji wa selulosi hawawezi kuishi vizuri.

Majani yenye tanini na yenye sumu

Majani ya miti yana sifa ya kuchachuka upesi, lakini mengi yana tanini, ambazo hushikamana na protini za chakula na pia na vimeng'enya vya vijidudu, zikapunguza kasi ya kazi nzima. Mbuzi huzivumilia kuliko ng'ombe. Sehemu ya sababu ni tabia yake ya kula mimea mingi tofauti kwa siku moja, hivyo kwamba hakuna mmea mmoja unaofikia kiwango cha kudhuru. Kama malisho yako ni vichaka vya namna hiyo kuliko nyasi, ulinganisho umekwisha: chukua mbuzi.

Hata hivyo, uvumilivu mwingine haumo katika mnyama bali katika vijidudu, na mfano wa lusina unalionyesha hilo vizuri. Lusina ni mti wa jamii ya kunde wenye protini nyingi, lakini majani yake yana mimosini, ambayo humnyonyoa mnyama manyoya, na ambayo ndani ya rumeni hugeuka kuwa kemikali nyingine inayodhuru tezi ya shingo. Nchini Australia, ng'ombe na mbuzi walioila sana waliathirika, lakini Raymond Jones aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii waliila bila madhara. Mapema katika miaka ya 1980, maji ya rumeni kutoka Hawaii yalihamishiwa kwa wanyama wa Australia, na hao nao wakaacha kudhurika. Bakteria aliyehusika alitambuliwa, na mwaka 1992 akapewa jina la Synergistes jonesii kwa heshima ya mgunduzi huyo.

Kwa anayechagua, funzo la mfano huo lina mipaka yake. Bakteria huyo alihamia kutoka kwa mbuzi kwenda kwa ng'ombe kwa sababu kulikuwa na kazi mpya isiyofanywa na yeyote ndani ya rumeni, na chakula chake hakikuwa na mshindani. Kumpa mbuzi maji ya rumeni ya ng'ombe hakutamfanya ameng'enye mabua kama ng'ombe, kwa kuwa wavunjaji wa selulosi tayari anao. Anachokosa ni saa 20 za ziada.

Naitrojeni: pengo linaloweza kumwangusha hata ng'ombe

Nilisema kuwa ng'ombe anaweza kukaribia kutosheka kwa mabua. Kuna sharti moja. Vijidudu wanahitaji naitrojeni kujenga miili yao, na malisho yenye protini iliyo chini ya asilimia 7 ya uzito mkavu hayawapi ya kutosha. Hapo kasi ya 4 inayotumika katika hesabu yangu huporomoka, chakula hukaa tumboni kikiwa hakijavunjwa, na ng'ombe huacha kula kwa sababu ameshiba kitu kisichomlisha. Dalili yake ni ya kutatanisha: tumbo kubwa la kushoto, mgongo uliotokeza mifupa, na kinyesi kikavu kilichopangika kama sahani zilizobebana.

Dawa yake ni kulisha vijidudu kwanza. Kilo moja au mbili za majani ya jamii ya kunde kwa siku, au mashudu kidogo, hurudisha kasi. Urea hufanya kazi hiyo pia, kwa kuwa bakteria huweza kutengeneza protini kutokana na amonia yake, lakini ni sumu ikimezwa nyingi kwa mara moja, na mbuzi mwenye rumeni ndogo hufikia kiwango cha hatari kwa kiasi ambacho ng'ombe asingekihisi. Mbuzi anayejichagulia majani mara nyingi hufika juu ya asilimia 7 bila msaada, na hiyo ni faida yake nyingine katika msimu wa ukame, mradi vichaka bado vina majani.

Nafaka si njia ya mkato

Huenda mtu akafikiri kwamba pengo la mbuzi kwenye mabua linazibwa kirahisi kwa pumba na nafaka, kwa kuwa wanga huchachuka kwa kasi kubwa. Kidogo husaidia kweli. Zaidi ya hapo, asidi hutengenezwa haraka kuliko ukuta wa rumeni unavyoweza kuinyonya, na pH inashuka. Wavunjaji wa selulosi hudhoofika mara pH inapokwenda chini ya 6, kwa hiyo nafaka iliyokusudiwa kusaidia mabua hufanya mabua yasimeng'enyeke. Ikiendelea kushuka chini ya 5.5, bakteria wanaotengeneza asidi laktiki hutawala, na asidi hiyo ni kali kuliko asetiki na wenzake. Mnyama huacha kucheua, huhara, na akiwa amekula nafaka nyingi kwa ghafla anaweza kufa.

Hatari hiyo ni ya wote wawili, lakini ng'ombe wa maziwa hutoa ishara ya mapema ambayo mfugaji anaweza kuiona: mafuta ya maziwa hupungua. Asetiki imepungua na njia za mafuta katika rumeni zimevurugika, na kiwele kinaeleza yaliyotokea tumboni siku chache kabla. Mbuzi wa maziwa naye huweza kuonyesha hivyo. Mbuzi wa nyama hana dirisha hilo, kwa hiyo kwake itabidi kuhesabu kucheua. Vinyweleo vya rumeni navyo vinahitaji wiki kadhaa kukua vya kutosha kunyonya asidi nyingi, hivyo ongezeko lolote la nafaka lichukue wiki tatu hivi badala ya siku tatu.

Kuchagua kwa kutazama malisho yako

Kama ulicho nacho ni nyasi ndefu zilizokomaa au mabua, na huna njia ya kumpa mnyama nafasi ya kubakiza, chukua ng'ombe na umtafutie chanzo cha protini. Kama una vichaka, magugu yenye majani mapana na miti ya kuchuma, mbuzi kumi watakutendea haki kuliko ng'ombe mmoja, ambaye hata hawezi kuifikia sehemu kubwa ya majani hayo. Kama una nyasi changa zinazokatwa mapema kabla ya kuchanua, wote wawili watafaa, na hapo ndipo soko na kazi ya kuwatunza vinaweza kuamua. Napendelea, pale inapowezekana, kuwa na mbuzi wachache wanaopewa mabua kwanza na ng'ombe anayepokea masalio yao, kwa sababu vikonyo vilivyo na kasi ya 4 huenda kwa mwenye muda wa kuvingoja.

Baada ya kuchagua, usingoje mizani ikuambie. Wiki mbili au tatu baada ya kubadilisha malisho, chukua kiganja cha kinyesi cha ng'ombe, au vidonge kadhaa vya mbuzi vilivyolowekwa, ukioshe kwa maji juu ya chujio hadi maji yatoke safi. Ukiona vipande vingi vya nyuzinyuzi vyenye urefu wa zaidi ya sentimita moja katika kinyesi cha ng'ombe, chakula kinapita kabla ya kumaliziwa. Kwa mbuzi vipande huwa vidogo zaidi kwa kawaida, kwa hiyo linganisha na kinyesi chake cha kabla ya mabadiliko. Kisha watazame saa mbili baada ya kula, wakiwa wamelala kivulini. Angalau nusu yao wawe wanacheua, na kila tonge litafunwe mara 50 hadi 70 kabla ya kumezwa. Tonge linalotafunwa mara 30 tu limekosa nyuzinyuzi ndefu. Na ikiwa mbuzi wamelala na matumbo yaliyojaa bila taya kucheza, rudi kwenye hori uone kama waliachiwa kitu cha kubakiza.